Kakule Ésaïe Wawili

Jokébed Kasonia hana ofisi. Ana meza ya mbao, kompyuta ya mitumba aliyoinunua kwa mtu aliyetoka Kampala, na betri ya gari inayolishwa na sahani ya jua juu ya bati. Vyote hivyo viko katika chumba cha mbele cha nyumba ya mama yake, komini ya Mususa, mjini Butembo, nyumba tatu kutoka kwangu. Mlangoni amebandika karatasi: «Tableaux de bord, analyse ya data, Excel». Mwaka wa kwanza watu walisoma «tableau» wakadhani anauza mbao za shule.

Kazi yake ni hii. Mwenye biashara ndogo anamletea daftari, au picha za daftari katika simu, au faili zilizoandikwa ovyo. Yeye anaziingiza katika Excel, anazisafisha, kisha anatengeneza ukurasa mmoja tu ambao mwenye biashara anaufungua na kuona mambo yake yote: kitu gani kinatoka, kitu gani kinalala, mwezi gani ulikuwa mbaya. Ukurasa huo ndio wanauita tableau de bord, kama ile sahani ya mbele ya gari inayoonyesha mwendo na mafuta. Hana bosi, hana mshahara. Anapokea kazi ya huyu, anaimaliza, anakwenda kwa mwingine.

Nilifanya kazi miaka ishirini na sita katika depo ya kahawa, wakati kahawa ya Butembo ilikuwa kahawa na karani alikuwa mtu. Shule niliiacha darasa la sita. Mengine yote nimejifunza kwa kusoma nyuma ya magunia. Nasema hivyo ili mjue kwamba ninaposema vijana hawa hawajui kuandika jina la mtu, sisemi kwa wivu. Nasema kwa sababu niliona.

Wateja wake wanachosha. Timothée, muuza misumari na mabati wa hapa hapa Mususa, alimletea daftari la miaka miwili. Jokébed aliliandika lote, mstari kwa mstari, jinsi lilivyokuwa, akatengeneza ukurasa wake wenye michoro. Juu kabisa, katika orodha ya wateja wakubwa, mteja wa kwanza alikuwa mtu anayeitwa Idem.

Timothée alikuja amenuna. «Huyu Idem ni nani? Minamujua hapana. Ananunua misumari kunipita mimi mwenyewe!»

«Papa Timothée, ni karani yako. Jina likirudia, anaandika idem chini yake. Machine inafikiri ni mutu.»

«Basi machine yako ni mujinga.»

«Ni mujinga, ndiyo. Ndiyo maana ulinilipa mimi.»

Ilimbidi aongeze safu nyingine pembeni, yenye hesabu inayosema: kama hapa kuna idem, chukua jina lililo juu, kama hakuna, acha jina lenyewe. Idem akafa. Timothée naye akasema kazi hiyo ni kugusa-gusa vibonye tu, na akataka rangi zaidi. Wote wanataka rangi. Mwenye duka la dawa alitaka duara lililokatwa vipande ishirini na viwili, kila dawa na rangi yake. Jokébed alimweleza kwamba macho hayawezi kulinganisha vipande ishirini na viwili, mistari iliyolala ingesomeka vizuri zaidi. Akajibiwa kwamba duara linafanana na biashara ya kizungu.

Zamani mtu alikuletea kazi na kukuacha uifanye. Haidhuru.

Mwaka huu alipata mteja mkubwa kuliko wote. Gamaliel Vagheni, mtu wa Beni, ananunua kakao kwa wapandaji, anaikusanya katika depo mbili, moja Mulekera, humo humo mjini Beni, na nyingine Oicha, mji mwingine upande wa kaskazini, kisha anaipeleka kwa wanaosafirisha nje. Wasafirishaji wale walimwambia: tunataka orodha ya wapandaji wako na ubora wa kakao ya kila mmoja. Mwenye ukungu atoke. Gamaliel hakuwa na orodha. Alikuwa na makarani wawili, mizani mbili, na masanduku ya karatasi. Akamwita Jokébed.

Jokébed alitengeneza fomu ya kujazwa katika simu. Karani anapopima mzigo anaandika tarehe, jina, kilo, unyevu, na asilimia ya ukungu. Ukungu wanaupima hivi: wanachukua punje mia tatu, wanazikata katikati kwa kisu, wanahesabu zile zilizooza ndani. Zikizidi asilimia nne, kakao hiyo ni mbaya. Mambo hayo yote ni mazuri na sina neno juu yake. Hata kahawa yetu tulikuwa tunaikata na kuinusa.

Makarani wakajaza miezi sita. Faili zilipomfikia Jokébed zilikuwa jalala. Oicha ilikuwa imeandikwa kwa namna saba. Unyevu wa saba na nusu, kwa kuwa karani aliweka nukta badala ya mkato, ulikuwa umegeuka kuwa tarehe saba mwezi wa tano. Jokébed alikaa wiki mbili anapangusa. Siku moja nilikwenda kumsalimia nikamkuta anacheka peke yake.

«Muzee, angalia. Orodha ya bapandaji ilikuwa na majina mia ine na kumi na mbili. Nimeondoa yenye kurudia. Imebaki mia tatu makumi sita na moja. Ni safi!»

«Uliondoa namna gani?»

«Kuna kibonye. Supprimer les doublons. Unachagua safu ya jina, unabonyeza mara moja, yote yenye kufanana inatoka.»

Nami sikusema kitu. Nalikiri hilo hapa, kwa sababu baadaye nilimgombeza sana, na mwenye kugombeza lazima aseme pale alipokuwa amelala. Niliona namba imepungua nikafikiri, sawa, vijana wana vibonye.

Orodha ikaenda kwa Gamaliel. Ukurasa ulikuwa mzuri: jina, kilo zote za miezi sita, wastani wa ukungu, na kisanduku kinachojigeuza chekundu chenyewe wastani ukipita nne. Wastani wenyewe aliufanya kwa akili, kila mzigo ukahesabiwa kwa uzito wake, mfuko wa kilo kumi usiwe na nguvu sawa na gunia la sitini. Wekundu walitoka ishirini na watatu. Gamaliel akaichapisha karatasi, akaibandika mlangoni pa depo ya Mulekera, akatangaza: Jumamosi orodha ya mwisho itasomwa hapa mbele ya wote, na mwekundu hatauza tena kwake.

Jumatano asubuhi nilikuwa kwa Jokébed, nimekwenda kumwomba anichapishie barua. Mlango ukafunguliwa, akaingia mzee mwembamba mwenye koti la mvua na mfuko mdogo wa nailoni. Alikuwa ametoka Beni kwa gari la saa kumi na mbili. Hakuketi.

«Ni wewe Jokébed ya Excel?»

«Ni mimi, tata. Karibu, ikala.»

«Nitaikala nikimaliza. Mimi ni Kakule Ésaïe wa Mulekera. Wewe umeandika kakao yangu iko na ukungu.»

Alifungua mfuko, akamwaga punje za kakao juu ya kompyuta, katikati ya herufi. Akatoa kisu mfukoni, akaanza kukata moja baada ya nyingine, akizipanga juu ya meza zikiwa wazi. Zilikuwa kahawia, zina mifereji ndani, zinanuka kama divai ya misa. Hata mimi, mtu wa kahawa, nilijua ni kakao iliyochachushwa na mtu mwenye subira.

«Onyesha,» alisema. «Onyesha ukungu. Nimefanya masanduku ya mbao mimi mwenyewe. Siku sita nageuza. Naanika juu ya meza, chini hapana. Onyesha.»

«Tata, hii ni nzuri, naona. Lakini kalkile, hesabu yenyewe, ni ya miezi sita, siyo ya leo. Umeandikwa ine nukta munane. Machine inadanganya hapana.»

«Machine ilinusa kakao yangu?»

«Inanusa hapana, inahesabu.»

«Basi ilihesabu ya mutu mwingine.»

Jokébed alianza kukasirika. Nilimwona anavyokusanya punje kutoka kwenye herufi kwa ncha za vidole, kama mtu anayeokota wadudu. Alikuwa amezoea wateja wanaobishana na namba wasizozipenda. Lakini mzee hakuondoka, na aliendelea kukata. Kwa hiyo, ili amnyamazishe, Jokébed alifungua faili, akaenda kwenye mstari wa Kakule Ésaïe, akabonyeza mara mbili juu ya namba ya kilo. Ukibonyeza hivyo, Excel inafungua ukurasa mpya na kukutolea mizigo yote iliyozaa namba ile, mmoja mmoja. Ilitoka kumi na minne. Akaanza kumsomea kwa sauti, kama hakimu.

«Tarehe tatu mwezi wa tatu, Mulekera, kilo makumi ine, ukungu mbili.»

«Ndiyo, ni yangu.»

«Tarehe kumi na tatu, Mulekera, kilo makumi tatu na tano, ukungu moja.»

«Ni yangu.»

«Tarehe kumi na tatu, Oicha, kilo makumi tatu, ukungu kumi.»

Mzee aliacha kukata. «Tarehe kumi na tatu barabara ya Oicha ilikuwa imefungwa. Hata pikipiki haikupita. Niliruka na kakao mugongoni?»

Jokébed alirudi juu, akasoma tena, kwa macho tu safari hii. Minane ya Mulekera, yote chini ya tatu. Sita ya Oicha, yote juu ya saba.

«Tata,» alisema polepole, «unamujua Kakule Ésaïe mwingine?»

Mzee alimtazama kama vile ameuliza kama kuna mvua Butembo.

«Mimi ni mutoto wa ine. Kila nyumba yenye kuwa na batoto bane wanaume iko na Kakule. Na kanisa letu linapenda Ésaïe. Unaniuliza kama beko babili? Uliza kama beko makumi babili!»

Hapo ndipo nilipomgombeza, na sijutii. Sisi Wanande hatuwapi watoto majina, tunawapa namba. Wa kwanza Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule. Nyumba na nyumba, kilima na kilima, ni majina yale yale kama ngazi. Kisha Wakatoliki na Waprotestanti wakaongeza majina ya ubatizo, na kila kanisa lina machache linayoyapenda. Mzungu akiona Kakule Ésaïe mara mbili na kufikiri ni mtu mmoja, nitamsamehe. Lakini mtoto aliyezaliwa Mususa, ambaye ndugu yake mwenyewe anaitwa Kambale, na jirani zake watatu wa kiume ni Kambale!

«Katika register yetu,» nilimwambia, «tuliandika jina, mwana wa nani, kilima gani. Hata karani mlevi aliandika hivyo. Hamsini na mmoja uliowaondoa kwa kibonye chako walikuwa watu! Uliwafuta watu ukacheka!»

«Muzee, unanisaidia ao unanihubiria?»

«Ninakuhubiria.»

«Basi hubiria nje, niko nafanya kazi.»

Mzee Ésaïe akaketi hatimaye. «Jumamosi watasoma jina langu mbele ya batu,» alisema. «Batoto yangu watasikia. Kakao yangu nitauzisha wapi? Kwa bale wenye kuchanganya na mawe? Miaka saba nimejenga jina kwa ile mizani.»

Jokébed akampigia Gamaliel simu. Aliweka sauti nje ili sote tusikie. Gamaliel alikuwa sokoni, kelele tupu.

«Papa Gamaliel, orodha iko na erreur. Nimechanganya batu wa jina moja. Usisome Jumamosi.»

«Erreur gani? Ukurasa ni muzuri, nimeshatuma kwa bale ba exportation. Bamependa rangi.»

«Rangi iko juu ya mutu asiyekuwa ndiye.»

«Donc, nirudi niseme nimedanganya? Mutu mumoja tu, ma fille. Ondoa huyo mumoja, acha bengine.»

«Sijui beko bangapi. Labda makumi ine.»

«Jumamosi saa ine asubuhi minasoma,» alisema Gamaliel. «Mbele ya hapo uniletee karatasi nyingine. Ukiniletea hapana, minasoma hii.» Akakata.

Mkataba ulikuwa umeisha, kazi ilikuwa imekabidhiwa. Angeweza kumwondoa mzee mmoja na kulala. Badala yake alifunga kompyuta katika kitambaa, akamwambia mama yake apokee simu za Timothée, na mchana ule akapanda gari pamoja na mzee kwenda Beni. Haya yaliyofuata nimeyapata kwake mwenyewe na kwa Séphora, karani wa Mulekera, ambaye ni mtoto wa dada yangu na hana haja ya kumsifu mtu.

Jokébed alidhani depo itamaliza matata kwa saa moja: wa Mulekera huku, wa Oicha kule. Haikuwa hivyo. Barabara ikifungwa, mtu wa Oicha anayelala kwa ndugu zake Mulekera anauza Mulekera. Na ikifunguliwa, mtu wa Mulekera mwenye shamba upande wa Oicha anapima huko huko kuliko kubeba. Mahali pa mizani hapakuonyesha mtu ni nani. Kitu pekee kilichoonyesha ni zile karatasi za mkono, bon, ambazo Séphora alikuwa bado anaziandika kwa kila mzigo na kuzitia katika masanduku ya sabuni, ingawa Gamaliel alikuwa amemwambia aache kwa kuwa sasa kuna simu. Za karani wa Oicha nazo zilikuwa zimeshushwa kwake mwisho wa kila mwezi.

Jokébed alichukua bon ya kwanza. Juu yake Séphora aliandika kwa wino: Kakule Ésaïe, wa Siméon, Mulekera, mtaa fulani, namba ya simu.

«Séphora! Baba yake umemuandika hapa!»

«Naandika kila siku.»

«Na katika simu ju ya nini hukuandika?»

Séphora alichukua simu yake, akafungua fomu, akamwekea machoni. «Soma. Nom. Prénom. Kilo. Onyesha nafasi ya baba. Formulaire ni ya nani? Ni ya wewe.»

Jokébed alisema hapo alitaka kuingia ndani ya sanduku la sabuni na kufunga mfuniko. Mimi nilipomsikia nilifurahi kidogo, Mungu anisamehe. Fomu ile aliifanya fupi makusudi. Alikuwa amesoma mahali fulani kwamba fomu fupi ndiyo fomu nzuri, kwa kuwa karani hachoki. Kweli hachoki. Anayechoka ni anayefutwa.

Walikaa siku mbili, Alhamisi na Ijumaa, chini ya bati la depo, joto la Beni limewakalia shingoni. Jokébed hakutaka kutengeneza ukurasa tena kabla ya kuweka msingi. Alifungua orodha mpya ya wapandaji: kila mtu mstari wake, jina, jina la baba, mahali pa shamba, simu, na mbele ya yote namba ya peke yake isiyorudiwa, kama MUL-014 au OIC-087. Kisha kila mzigo wa miezi sita, mamia na mamia, ukapewa namba ya mwenyewe kwa kutazama bon yake. Séphora anasoma, Jokébed anaandika.

«Kambale Malachie.»

«Yupi?»

«Wa Zacharie. Ule mwenye bibi wawili.»

«Bibi hapana column, Séphora. Shamba wapi?»

«Mulekera. Lakini ukiweka column ya bibi, utabatenganisha mbio kabisa.»

Pale bon ilipochafuka, Séphora alitoka mlangoni na kupiga kelele barabarani; daima kulikuwa na mtu wa kumjibu. Mzee Ésaïe alikuja kila asubuhi na ndizi, akaketi juu ya gunia, akitengua mafundo ya watu kwa kinywa: huyu ni wa ukoo ule, huyu alihama, huyu ni mjomba wa yule. Wakati mwingine alichelewesha zaidi kuliko kusaidia, kwa kuwa kila jina lilikuwa na habari yake na aliisimulia yote.

«Tata, wasingya,» Jokébed alimshukuru mara ya kumi. «Niambie tu baba yake, habari ya mbuzi iache.»

«Bila mbuzi utajuaje ni yeye?»

Ijumaa jioni walimaliza. Kati ya majina hamsini na moja aliyofuta kwa kubonyeza mara moja, tisa tu ndiyo yalikuwa marudio ya kweli, watu walioandikwa katika depo zote mbili. Arobaini na wawili walikuwa watu kamili, wenye mashamba na watoto. Akatengeneza ukurasa upya, safari hii ukijumlisha kwa namba ya mtu, jina likiwa la kusomwa tu. Na katika fomu ya simu aliondoa kabisa nafasi ya kuandika jina. Karani sasa anachagua katika orodha, na kila mstari wa orodha ni mrefu: MUL-014, Kakule Ésaïe, wa Siméon, Mulekera.

MUL-014 alikuwa na ukungu mbili. OIC-087, Kakule Ésaïe wa Gérard, alikuwa na tisa.

Mzee alipoonyeshwa hakusema alhamdu wala haleluya. Aliuliza: «Na huyu wa Gérard, munajua ju ya nini iko tisa? Alikimbia vita mara mbili mwaka huu. Anaanika kandokando ya barabara, juu ya turubai ya tente.»

«Column ya kukimbia hayiko, tata,» alisema Jokébed, na alikuwa amechoka mno kusema kitu kingine.

Kisha, kabla ya kufunga, aliongeza safu moja nyembamba aliyoiita «Maelezo», akaandika pale, mbele ya OIC-087: amehama mara mbili, hana mahali pa kuanika. Wekundu wengine wawili nao walipata maneno. Alijua Gamaliel hatayasoma. Lakini wasafirishaji wanapenda kusoma kila kitu.

Jumamosi saa nne watu walijaa mbele ya depo. Gamaliel alifika kwa gari, akapokea karatasi mpya, akaitazama kama mtu aliyeletewa chakula asichokiagiza.

«Hii ni nini? Majina imekuwa mirefu. Wa Siméon, wa Gérard, wa Zacharie... Ni orodha ya bapandaji ao ni kitabu cha Mwanzo?»

«Ni batu, Papa Gamaliel.»

«Katika simu yangu inaingia hapana. Natelezesha, natelezesha, mpaka kidole inauma. Ondoa ile column ya baba.»

«Ukiiondoa ile, uniondoe na mimi. Na Jumatatu utawafukuza tena wasiokuwa na kosa.»

Watu walikuwa wanasikia. Gamaliel alimtazama Séphora, akamtazama mzee Ésaïe aliyesimama mstari wa mbele na koti lake la mvua kwenye jua kali.

«Haya, iache. Lakini ipunguze maandishi. Iwe midogo. Kitu cha kuonekana ni namba.»

Akampa Séphora asome. Wekundu sasa walikuwa kumi na tisa, na kumi na watano kati yao walikuwa wale wale. Wasafirishaji walimpigia simu baadaye, wakauliza kuhusu watu watatu wenye maelezo, na Gamaliel akalazimika kuwapa miezi mitatu zaidi, akilalamika kwamba Excel imemletea mambo ya kanisa. Lakini asubuhi ile hayo hayakuwa yanajulikana. Séphora alisoma kwa sauti yake ya kwaya: «MUL-014. Kakule Ésaïe, mwana wa Siméon, Mulekera. Anabaki.»

«Niko,» alijibu mzee, kama shuleni.

Wakati watu wanatawanyika, Jokébed alikuwa ameketi juu ya gunia, kompyuta magotini, akitimiza agizo la Gamaliel. Alichagua safu ya baba, akashusha ukubwa wa maandishi kutoka kumi na moja hadi saba. Mzee akaja nyuma yake, akainama, akataka kuona jina lake pale ndani. Jokébed akamwonyesha kwa kidole. Mzee alisogeza uso, akautoa, akausogeza tena.

«Kakule Ésaïe naona. Lakini huyu wa kando?»

«Ni Siméon. Baba yako.»

«Siméon mumemufanya mudogo hivi?» alisema. «Alikuwa mutu murefu. Alikuwa anainama kwa kuingia kanisani.»

Jokébed alitazama barabarani. Gari la Gamaliel lilikuwa limeondoka. Akarudisha kumi na moja, akahifadhi, akafunga.